Barua kwa Mwenye Duka: Kuomba Kupiga Filamu Mtito Andei

Vijana wanne wa Mtito Andei wanatengeneza filamu ya hali halisi ya dakika ishirini kuhusu maduka ya kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, na jinsi yanavyofanya biashara tangu treni ya abiria ya SGR ianze safari mwaka 2017. Duka wanalolitaka kuliko yote ni la mama mmoja karibu na steji: duka la rejareja lenye wavu wa chuma mbele ya kaunta, huduma ya M-Pesa pembeni, na friji ya soda mlangoni. Walimpelekea barua, wakangoja wiki mbili, hakujibu. Wameniletea barua hiyo pamoja na maswali yao, kwa kuwa kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuomba ruhusa ya kupiga filamu katika maduka, gereji na nyumba za watu.

Barua yetu ni ya kurasa mbili na imeandikwa kwa heshima. Tumekosea wapi?

Nimeisoma mara mbili. Ukurasa wa kwanza wote unawahusu ninyi: mlikosoma, ndoto zenu, umuhimu wa kuhifadhi historia ya mtaa. Ombi lenyewe limefichwa katika sentensi ya mwisho, mnapoomba "ushirikiano wako katika zoezi hili." Mama wa duka akifika hapo ana maswali manne kichwani na hana jibu hata moja. Mnakuja lini? Mko wangapi? Mtaingia mpaka wapi? Nini kitaonekana, na kitaonekana na nani? Hamkumpa jambo ambalo angeweza kulikubali au kulikataa, kwa hiyo hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Kuna jingine. Mliandika "Kwa yeyote anayehusika," kisha mkamwachia barua kijana anayeuza. Huyu ni mama mnayemjua tangu utoto, mnanunua kwake mkate. Mwandikieni kwa jina. Ipelekeni wenyewe, saa ambayo hakuna foleni, na mmojawenu amsomee kwa sauti. Kama anasikia Kikamba vizuri kuliko Kiswahili, ielezeni kwa Kikamba, lakini karatasi iliyotiwa sahihi iseme yale yale mliyoyatamka. Baada ya hapo mwachieni nakala, muage, msisubiri jibu mkiwa mmesimama mbele ya kaunta. Mtu akishinikizwa mbele ya wateja wake husema ndiyo ambayo ataijutia jioni.

Ruhusa hasa ni ya nani: anayeuza, mwenye biashara au mwenye ploti?

Ya mwenye biashara, yaani yule anayelipa kodi ya chumba na ambaye mali iliyo kwenye rafu ni yake. Anayeuza hawezi kuitoa hata kama ni mwanawe, ila mwombeni yeye mwenyewe ridhaa ya kurekodiwa, kwa sababu atakuwa ndani ya picha kuliko mtu mwingine yeyote. Mwenye ploti huhitajika mkitaka kuingia mahali ambapo wapangaji wanatumia pamoja, kama ua wa nyuma, ngazi au paa. Ulizeni mapema. Nimewahi kuona kazi ya siku nzima ikisimama kwa sababu mwenye ploti alipita, akaona kamera kwenye paa lake, na hakuna aliyekuwa amemwambia neno.

Basi barua nzuri ingekuwaje? Tuandikie.

Hii hapa. Imetosha ukurasa mmoja. Nafasi nilizoziacha jazeni kwa kalamu, na mchapishe nakala mbili.

> Vijana wa Filamu ya Mtaa,
> S.L.P. ………, Mtito Andei.
> Simu: ………
> Tarehe: ………
>
> Kwa Mama ………,
> Mwenye duka la rejareja, karibu na steji,
> Mtito Andei.
>
> Mama,
>
> KUH: OMBI LA KUPIGA FILAMU NDANI YA DUKA LAKO
>
> Sisi ni vijana wanne wa hapa Mtito Andei. Tunatengeneza filamu ya dakika ishirini kuhusu maduka ya kando ya barabara kuu na jinsi yanavyofanya biashara tangu treni ya abiria ianze mwaka 2017. Tumekuja kwako kwa sababu duka lako lilikuwapo kabla ya treni hiyo, nawe umeyaona mabadiliko ukiwa kwenye kaunta.
>
> Tunaomba kuja Jumatano, tarehe ………, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Tutakuwa watu watatu, tukiwa na kamera moja na kipaza sauti kimoja. Vifaa vyetu vinatumia betri. Hatutatumia stima yako. Tutaomba friji izimwe mara mbili wakati wa mahojiano, kila mara kwa muda usiozidi dakika ishirini.
>
> Tutarekodi kaunta, rafu, mizani, mlango, na wewe ukihudumia. Hatutarekodi kitabu cha M-Pesa, daftari la madeni, simu ya kazi, droo ya pesa, kufuli, mlango wa nyuma wala stoo. Mteja hatarekodiwa kabla ya kuulizwa, na asiyetaka tutazima kamera mpaka aondoke. Hatutarekodi watoto.
>
> Filamu itaonyeshwa kwanza hapa Mtito Andei, kisha itawekwa YouTube, ambako mtu yeyote anaweza kuitazama. Haitatumiwa kutangaza bidhaa. Tukitaka kuitumia kwa njia nyingine, tutarudi kukuomba upya.
>
> Tutakuonyesha sehemu zote za duka lako kabla filamu haijakamilika. Ukitaka sehemu iondolewe, tuambie kabla ya tarehe ………, nasi tutaiondoa. Kitu kikiharibika mikononi mwetu, tutakilipa. Uko huru kukataa ombi hili, na hata ukikubali unaweza kutusimamisha wakati wowote siku hiyo.
>
> Wako kwa heshima,
> (majina manne na sahihi)
>
> Jibu la mwenye duka: Nimekubali ……… / Nimekubali isipokuwa ……… / Sikubali ………
> Sahihi: ……… Tarehe: ……… Shahidi: ………

Angalieni mstari wa jibu. "Nimekubali isipokuwa" ndiyo sehemu ambayo wenye maduka hujaza mara nyingi, na inaokoa maombi mengi ambayo yangekataliwa. Mtu anaweza kukubali kamera lakini asikubali kuonekana uso. Mwingine anakubali yote ila mahojiano. Msipompa nafasi ya kuandika kizuizi chake, hana la kufanya ila kusema hapana kwa jambo zima.

Kama mama hasomi wala kuandika, atie alama ya kidole, na shahidi awe mtu wa upande wake, asiwe mmoja wa timu yenu.

Mbona umeandika kwa kirefu vitu ambavyo hatutarekodi? Je, hilo halimtii hofu?

Hofu anayo tayari. Tofauti ni kwamba sasa anaona mmeijua.

Duka la wakala wa M-Pesa ni ofisi ya watu wengi. Kwenye kaunta huenda kuna kitabu ambamo huandikwa jina la mteja, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi alichoweka au kutoa. Kamera za siku hizi zina picha kali mno. Ukirekodi kwa ubora wa 4K, kisha mtazamaji akasimamisha picha na kuikuza, mwandiko ulio mita mbili nyuma ya mama unasomeka. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kosa la aina hiyo nimelifanya. Miaka ya nyuma tulirekodi mahojiano katika duka moja, na nyuma ya bega la mzungumzaji daftari la madeni lilikuwa wazi. Wakati wa kurekodi hakuna aliyeliona. Kwenye maonyesho ya kwanza, mtu mmoja mtaani alisoma jina la jirani yake na kiasi anachodaiwa. Tulikata sehemu hiyo, lakini jina lilikuwa limekwisha kutajwa sokoni, na mwenye duka akampoteza mteja wa miaka mingi kwa ajili yetu.

Tangu siku hiyo, kabla kamera haijawashwa, mmoja wetu huketi mahali pa mzungumzaji huku mwingine akikuza picha kwenye skrini na kusoma kila karatasi inayoonekana: ukutani, kwenye kaunta, chini ya kioo. Kinachosomeka kinageuzwa au kufunikwa. Ni kazi ya dakika tano. Vibali vya biashara vilivyobandikwa ukutani navyo vina jina na nambari. Muulizeni mama kama anataka vionekane, maana wengine hujivunia.

Upande wa kufuli na mlango wa nyuma sababu ni usalama. Mtito Andei ni mji wa njiani, na wageni hushuka pale usiku na mchana. Filamu inayoonyesha droo ya pesa iko wapi, wavu umefungwa kwa kufuli ngapi na mama anatoka na mfuko saa ngapi, ni ramani. Hata swali la mahojiano linaweza kuchora ramani hiyo, kwa hiyo msimwulize mbele ya kamera anauza shilingi ngapi kwa siku wala anafunga saa ngapi.

Wateja wanaoingia wakati tunarekodi, je, ruhusa ya mama haiwatoshi?

Haiwatoshi. Ruhusa ya mama ni ya mahali. Nyuso za watu si zake kuzigawa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa zake binafsi. Chini ya sheria hiyo, anayedai kwamba aliruhusiwa ndiye anayepaswa kuthibitisha. Mtu akikana, "alikuwa anatabasamu" si ushahidi.

Msidhani ni maneno ya vitabuni tu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja ya Uthiru Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sheria ina nafasi inayoachiwa kazi za uandishi wa habari na sanaa, lakini nafasi hiyo ina masharti, na mwenye kuyapima ni mwingine, si ninyi. Ombeni ridhaa kana kwamba nafasi hiyo haipo.

Njia nyepesi ni hii. Bandikeni mlangoni tangazo la maandishi makubwa: "Leo saa nane hadi saa kumi na moja tunarekodi filamu humu. Hutaki kuonekana? Tuambie, tutazima." Mmoja wenu asimame nje, si ndani, amwambie kila anayekuja kabla hajavuka kizingiti. Anayekubali na uso wake utaonekana wazi, arekodiwe akisema jina lake na kwamba amekubali. Sekunde kumi zinatosha, na zina faida kwa mtu anayesita kushika kalamu. Wanaopita kwa mbali wakiwa wameipa kamera mgongo hawana shida hiyo. Mtoto huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na kwa kuwa mtoto aliyetumwa sukari hajaja na mzazi wake, barua inasema wazi kwamba hamrekodi watoto. Mkizingatia kwamba shule hufunga alasiri na watoto hutumwa dukani baadaye kidogo, malizeni picha za mbele ya kaunta kwanza, kisha mahojiano.

Friji kweli inastahili kutajwa kwenye barua?

Inastahili, kwa kuwa ni mali yake mnayoiomba izimwe, na soda moto haiuziki njiani. Mlio wa friji hausikiki sana mkiwa pale, lakini kipaza sauti huushika wote, na kila mhariri anapokata sentensi, mlio unaruka na sikio linaugundua. Hatari ni kuisahau ikiwa imezimwa. Wenye kazi ya sauti wana desturi ya zamani: aliyeizima huweka funguo zake za gari au pikipiki ndani ya friji. Hawezi kuondoka bila kuifungua.

Redio nayo izimwe, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile ile ya kukata sentensi. Ya pili ni kwamba wimbo unaosikika nyuma una wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki inawalinda; mitandao ya video huutambua kwa mashine na inaweza kuifungia filamu yenu. Malori ya barabara kuu hamwezi kuyazima. Yaacheni yasikike, hiyo ndiyo sauti ya mji, ila lori likipita mama akiwa katikati ya neno zito, mwombeni alirudie.

Barua hii ikitiwa sahihi, bado tunahitaji leseni ya serikali?

Barua na leseni ni vitu viwili. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu inayotengenezwa kwa ajili ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa, na yenu itaonyeshwa hadharani. Ulizeni kabla ya siku ya kurekodi. Leseni haiwapi haki ya kuingia dukani kwa mama, wala sahihi ya mama haiondoi haja ya leseni. Mwambieni pia chifu. Na kama mnataka picha za lango la Tsavo Magharibi au stesheni ya reli, hizo zina wenyewe wengine na barua zao nyingine: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na Shirika la Reli.

Mimi si mmoja wa hao wanne; niko Mutomo, upande wa Kitui. Duka ninalotaka kurekodi ni la kaka yangu. Naye nimwandikie?

Mwandikie, ingawa barua inaweza kuwa nusu ukurasa. Mutomo kwenyewe kuna mfano wa mtu aliyeelekeza kamera nyumbani kwake: mkulima Kisilu Musya, ambaye alirekodi shamba lake na familia yake kwa miaka kadhaa, na kazi hiyo ikawa filamu *Thank You for the Rain* ya mwaka 2017, aliyoiongoza pamoja na Julia Dahr wa Norwe. Picha zilizoanzia kwenye boma moja la Ukambani zilitazamwa nchi za mbali. Kaka yako anapokubali leo, huenda anawazia kundi la jamaa wakitazama kwenye simu. Barua inamlazimisha mmoja wenu aseme filamu itafika wapi. Kati ya ndugu, hilo ndilo jambo ambalo huwa halisemwi.

Mama wa steji akikubali, turekodi, kisha abadilishe nia?

Sheria ya 2019 inamruhusu mtu kuondoa ridhaa yake wakati wowote, ingawa kilichofanywa kihalali kabla ya hapo hakigeuki kuwa kosa. Ndiyo maana barua ina tarehe ya mwisho ya kuomba sehemu iondolewe. Iwekeni kama siku saba baada ya kumwonyesha, na kabla hamjafunga uhariri. Tarehe hiyo haimnyang'anyi haki yake. Inampa siku anayoijua ya kutazama na kufikiri, nanyi inawapa muda wa kukata bila kuibomoa filamu nzima. Mwonyesheni dukani kwake, kwenye kompyuta au simu kubwa, akiwa na mtu anayemwamini.

Akiomba mtoe, toeni, kisha mfute na picha ghafi za sehemu hiyo kwenye kadi na diski zote, na mmwambie mmefuta. Na akikataa tangu mwanzo, msivuke barabara mkamrekodi kwa lenzi ndefu kupitia mlangoni. Mlango uko wazi kwa wanunuzi. Tafuteni duka jingine. Mtaa huo unayo mengi, na barua mnayo.

Kama mama wa steji atakubali, siku ya kurekodi nendeni na nakala yake iliyotiwa sahihi. Ishikwe na yule anayesimama nje mlangoni. Atakayefika kuuliza nani kawaruhusu atakuja kwake kwanza.